Kwa nini yai linashika kikaangoni: joto, mafuta na vikaango vya aina tatu

Kwa muda mrefu nilikuwa na dawa moja tu ya chakula kinachoshika, nayo ni kuongeza mafuta. Yai likishika leo, kesho nilimimina kijiko cha pili. Likishika tena, nikamimina cha tatu. Kikaango changu kilikuwa cha stili, ile chuma nyeupe inayong'aa na isiyoshika kutu, na kila asubuhi nilikikwangua huku ute uliobaki umekauka kama rangi ya ukutani. Siku yai lilipoachia lenyewe sikuwa nimeongeza mafuta hata tone moja. Nilikuwa nimebadilisha dakika tatu zinazotangulia mafuta.

Yai ndilo nitakalolitumia kueleza jambo hili, kwa sababu halina huruma. Nyama nene inaweza kukusamehe ukikosea joto, lakini yai linaonyesha kila kosa papo hapo. Ukiweza kukaanga yai kwenye stili likateleza, umeshaelewa sehemu kubwa ya mambo yanayohusu vikaango vingine.

Tuanze na kinachotokea pale chini, chakula kinapokutana na chuma. Uso wa kikaango cha stili unaonekana laini kama kioo, lakini ukiukuza kwa hadubini utaona mikwaruzo, mabonde na vilima vidogo vidogo. Ute mbichi wa yai ni maji kwa karibu asilimia 90, na ndani ya maji hayo zimo protini, ambazo ni kama nyuzi ndefu zilizoviringishwa kuwa vidonge. Joto likifika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi na kuendelea kupanda, vidonge hivyo huanza kufunguka, na sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani hubaki wazi zikitafuta kitu cha kushikana nacho. Zikishikana zenyewe kwa zenyewe, ute unaganda na kuwa mweupe. Zikikuta chuma mahali pa karibu, hushikana na chuma.

Suala lote basi ni lipi linatangulia. Ukimimina yai kwenye kikaango chenye uvuguvugu, ute unabaki majimaji kwa sekunde nyingi. Unapata muda wa kutambaa, kuingia katika kila mkwaruzo na kutulia humo. Kisha joto linapanda na kuugandisha hapo hapo ulipo, kama gundi iliyoachwa ikaukie kwenye nyufa za mbao. Ukiumimina kwenye kikaango chenye joto la kutosha na mafuta, mambo yanageuka. Maji yaliyo upande wa chini wa ute yanachemka mara moja na kuwa mvuke, mvuke unaliinua yai kidogo, na protini za chini zinaganda zikishikana zenyewe kabla hazijapata nafasi ya kuingia kwenye mabonde ya chuma. Mafuta nayo yameshayajaza mabonde hayo. Yai linakuwa limeketi juu ya mafuta na mvuke, na chuma hakijaligusa sana.

Kuna maelezo mengine yanayorudiwa mno, kwamba chuma kina vinyweleo vinavyofunga kikipata moto, na ndiyo maana chakula hakishiki. Hayo hayawezi kuwa kiini cha jambo. Kikaango cha stili chenye upana wa sentimita 26, kikipashwa kutoka joto la kawaida la chumba hadi nyuzi 200, kinatanuka kwa upana wake wote chini ya milimita moja. Mikwaruzo yake bado ipo vilevile. Kinachobadilika ni kasi ya maji kuwa mvuke na wepesi wa mafuta kuenea.

Stili: joto kwanza, mafuta baadaye

Stili ina tabia moja mbaya: haipitishi joto vizuri. Aluminiamu inalipitisha zaidi ya mara kumi kuliko stili. Ndiyo maana vikaango vizuri vya stili vimewekewa aluminiamu katikati, ama chini tu, ama mpaka kwenye kuta, na ndiyo maana kikaango chembamba cha stili tupu ni mateso: pale moto unapogusa panaungua, na vidole vinne pembeni bado pana uvuguvugu. Sehemu moja ya yai inabadilika rangi huku nyingine ikijigandisha kwenye chuma baridi. Kama kikaango chako ni chepesi hivyo, kipashe kwa moto mdogo na kwa muda mrefu zaidi ya nitakaoutaja.

Nieleze sasa yai moja, hatua kwa hatua. Ninaweka kikaango kikavu na kitupu kwenye moto wa wastani. Baada ya dakika mbili ninadondosha maji kidogo kwa ncha za vidole, kama nusu ya kijiko cha chai, na kuyatazama. Mara ya kwanza maji yanalala chini, yanatanda na kutoa viputo taratibu. Hapo chuma kiko karibu na nyuzi 100 na hakijafika. Nasubiri sekunde ishirini, thelathini, najaribu tena. Sasa maji yanapiga kelele, yanapasuka vipande vipande na kutoweka upesi. Wengi huweka chakula wakisikia kelele hizo, na wamewahi mno. Najaribu mara ya tatu, na safari hii kelele zinakoma. Maji yanajikusanya kuwa gololi moja inayong'aa, nayo inateleza huku na huku bila kupungua upesi. Chuma sasa kimefika karibu na nyuzi 200. Upande wa chini wa tone umegeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unalibeba tone zima lisiguse chuma.

Jaribio hili ni zuri lakini lina mpaka wake. Linakuambia kwamba chuma hakiko chini ya kiwango hicho. Halikuambii kama kimepita. Gololi itateleza kwenye nyuzi 200, na itateleza hivyo hivyo kwenye 300, ambako mafuta yatatoa moshi mara tu yakigusa. Kwa hiyo usikipashe kikaango dakika nane ndipo ujaribu, ukaona gololi na kufurahi. Jaribu mapema na urudie, ili uikamate gololi ya kwanza.

Gololi ikitokea ninafuta maji, maana maji yakibaki yataruka pamoja na mafuta. Hapo ndipo kipande cha nyama kingeingia baada ya mafuta kuenea. Lakini joto hilo ni kali kwa yai, kingo zitakuwa kahawia kabla ute wa juu haujaganda. Ninakitoa kikaango motoni kwa dakika moja hivi, napunguza moto uwe mdogo, kisha ninakirudisha na kutia kipande cha siagi.

Siagi ni kipimajoto kizuri kuliko watu wanavyodhani. Ina maji kiasi cha asilimia 16 hivi, na povu linalotokea siagi ikiyeyuka ni maji hayo yanayotoka. Ikiyeyuka kimya bila povu, chuma kimepoa mno. Ikitoa povu la furaha na kubaki ya njano, uko mahali pake, juu ya nyuzi 100 na chini ya 150. Ikiwa kahawia ndani ya sekunde chache, bado pana joto jingi. Toa kikaango motoni, futa siagi hiyo na uanze na nyingine. Povu likianza kutulia, maji ya siagi yameisha, na hapo ndipo ninapovunja yai, karibu kabisa na uso wa kikaango.

Kisha ninaacha mikono. Sehemu hii ni ngumu kuliko zote. Ukilisogeza yai katika sekunde za mwanzo unaipasua ngozi laini ambayo ndiyo kwanza inajengeka chini yake, ute mbichi unamwagika kwenye ufa na kukuta chuma kitupu. Nasubiri sekunde arobaini hivi, mpaka kingo zimekuwa nyeupe na kusimama kidogo. Ndipo ninapotikisa mpini mbele na nyuma. Yai linateleza lote kwa pamoja, kama sahani juu ya meza iliyolowa.

Unaweza kuuliza kwa nini nikipashe kikaango hadi 200 kisha nikipoze, badala ya kukipasha hadi 140 moja kwa moja. Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza kwenye uso wa kikaango unaweza kufanya hivyo, ingawa vile vya miale hudanganywa na chuma kinachong'aa, vikasoma chini ya joto halisi. Bila kipimajoto, gololi inakupa mahali pa kuanzia panapojulikana. Tena, katika kufika huko joto limepata muda wa kusambaa, na kikaango kizima kimelihifadhi, si pale katikati tu.

Kuhifadhi huko kuna uzito wake, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini yai moja linaachia lakini manne yanashika. Chukua kikaango cha stili cha kilo moja kilicho kwenye nyuzi 140, na yai la gramu 50 lililotoka kwenye friji likiwa na nyuzi 4. Tuseme moto umezimwa, joto la kikaango na la yai vikalingana: vyote viwili vitatulia kwenye nyuzi 106 hivi. Bado ni juu ya kiwango cha maji kuchemka, kwa hiyo mvuke unaendelea kutoka. Sasa weka mayai manne kwa mpigo. Vitatulia kwenye nyuzi 63. Mvuke hakuna tena, na hilo ndilo joto ambalo protini zinaanza kufunguka zikitafuta cha kushika. Kwa kweli moto unaendelea kuwaka na hali haitakuwa mbaya hivyo, lakini mwelekeo ni huo huo. Kikaango cha nusu kilo hakihitaji hata mayai manne, yai moja la baridi linakishusha chini ya 90. Hayo ndiyo yanayotokea ukijaza kikaango. Mayai yakikaa nje ya friji kidogo hali inakuwa nafuu, lakini si sana. Kinachosaidia zaidi ni kuweka machache kwa zamu.

Nusu milimita ya mafuta

Nilisema mafuta mengi hayakunisaidia, lakini hilo lisieleweke kwamba kiasi chake hakina maana. Kijiko kimoja cha chakula ni mililita 15. Ukikieneza sawasawa kwenye kikaango chenye upana wa sentimita 20 pale chini, unapata tabaka la karibu nusu milimita. Hilo linatosha kabisa kufunika mikwaruzo yote. Kijiko cha chai, mililita 5, kinatoa theluthi ya hapo, na bado kinatosha, mradi kimeenea. Shida ni kuenea kwenyewe.

Umewahi kuona mafuta yakikimbia katikati ya kikaango na kujikusanya pembeni, ukabaki na duara kavu hapo hapo unapotaka kuweka chakula? Watu hudhani kikaango kimebonyea. Mara nyingine ni kweli, chini pamevimba kwa sababu kikaango cha moto kilitiwa maji baridi. Lakini hata kikaango kilichonyooka kinafanya hivyo. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Akademia ya Sayansi ya Czech, Alexander Fedorchenko na Jan Hrubý, walichapisha kazi waliyoifanya kwa kukaza macho kwenye jambo hilo hilo, wakitumia mafuta ya alizeti. Moto ukiwa mkali zaidi katikati, mafuta ya katikati yanakuwa na joto kubwa kuliko ya pembeni. Mafuta yakipata joto, ule mvuto wa uso wake unalegea. Mafuta ya pembeni, yenye mvuto mkubwa zaidi, yanayavuta ya katikati. Tabaka linakonda, linakonda, na mwisho linachanika. Ndiyo maana yai hushika katikati hata kama pembeni mafuta yamejaa.

Kutokana na hilo unaona mara moja la kufanya. Moto wa wastani unapunguza tofauti kati ya katikati na pembeni. Kikaango chenye chini nene kinasambaza joto. Kinachobaki ni mkono wako: inamisha kikaango, zungusha mafuta yarudi katikati, na uweke chakula wakati huo huo, kabla hayajakimbia tena. Mimi siku hizi ninazungusha, nahesabu moja, mbili, naweka.

Upo ukomo wa upande wa juu pia. Kila mafuta yana joto ambalo yakilifikia yanaanza kutoa moshi. Siagi inafika huko mapema, kati ya 150 na 175. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa yanavumilia hadi 225 hivi, na samli hufika karibu 250, maana maji na mabaki ya maziwa yameshaondolewa. Mafuta yaliyo tayari yanaonekana: yanatembea kwa wepesi kama maji na kufanya mikunjo myembamba inayometameta. Ukiona uzi wa kwanza wa moshi, toa kikaango motoni. Mafuta yaliyoungua hayatelezi tena. Yanageuka utando wa kahawia unaonata, na utando huo utakusumbua katika mapishi yajayo, hasa kwenye aina ya tatu nitakayoifikia.

Samaki anaongeza somo moja ambalo yai halina, yaani maji ya juu ya ngozi. Kijiko kimoja cha chai cha maji, ili kigeuke mvuke chote, kinahitaji joto la kutosha kushusha kikaango cha kilo moja kwa nyuzi zaidi ya 20. Wakati maji hayo yanachemka, chini ya samaki hapawezi kupita 100 kwa namna yoyote ya maana, na ngozi haiwezi kuwa ngumu na kuachia. Kwa hiyo mkaushe kwa karatasi ya jikoni, mkaushe tena, na chumvi uitie dakika ile ile unayomweka. Ukiitia dakika tano kabla, itavuta maji juu na kukurudisha nyuma. Mbonyeze kwa sekunde kumi za mwanzo ili ngozi isijikunje, kisha mwache dakika tatu au nne. Mara ya kwanza atakuwa ameshika. Ni kawaida. Chini yake maji yakiisha joto linapanda kupita 140, ngozi inakuwa kahawia na kukauka, na kitu kikavu na kigumu hakina tena ute wa kushikia. Ingiza mwiko bapa ukingoni: akigoma, hajaiva upande huo, subiri nusu dakika. Ukimlazimisha utabaki na ngozi kikaangoni na mnofu sahanini.

Chuma cha kusubu: mafuta yaliyotangulia

Kikaango kizito cheusi cha chuma cha kusubu kina mabonde makubwa kuliko stili, yanayoonekana hata kwa macho. Kingepaswa kushika zaidi. Kinachokiokoa ni utando uliojengwa na mafuta ya siku zilizopita. Mafuta ya kupikia yaliyopakwa kwa wembamba na kupashwa sana mbele ya hewa hayabaki kuwa mafuta. Molekuli zake zinafungana na kuwa tabaka gumu, jeusi na kavu, lililoshika chuma kama rangi. Chakula kinakutana na tabaka hilo badala ya chuma.

Kosa kubwa ninaloliona kwenye kujenga utando ni ukarimu. Mtu anapaka mafuta mengi, anaweka kwenye oveni, na kinatoka kikiwa na madoa yanayonata kama asali. Tabaka nene linakauka juu na kubaki bichi ndani. Paka mafuta ya alizeti kidogo kila mahali, kisha chukua kitambaa kikavu uyafute kana kwamba ulikosea kuyapaka. Utadhani hayapo tena, na ndicho kiasi kinachotakiwa. Kiweke kifudifudi kwenye oveni ya nyuzi 230 kwa saa moja, kisha kiache kipoe humo humo. Rudia mara tatu. Kikitoka kinanata, kirudishe kwenye joto hilo hilo saa nyingine. Ikishindikana, sugua sehemu hiyo na uanze kwa wembamba.

Utando si ruhusa ya kukaanga bila mafuta. Bado unatia kijiko cha mafuta, na bado joto linatangulia. Tofauti ni kwamba chuma hiki ni kizito na kinasambaza joto polepole. Kipashe kwa moto mdogo kuelekea wastani, dakika nane hadi kumi, ukikigeuza robo duara mara mbili tatu. Kikaango cha kilo mbili na nusu hakitishwi na yai: kwenye hesabu ile ile, yai la friji linakishusha kutoka 140 hadi 123 tu. Ndiyo sababu yai la pili na la tatu yanakwenda vizuri. Uzito huo huo una madhara yake, kwani ukipunguza moto kikaango hakisikii kwa dakika kadhaa. Punguza mapema, kabla hujahitaji.

Kuhusu sabuni, hofu ni kubwa kuliko hatari. Sabuni kali za zamani zilizokuwa na magadi makali ziliweza kuula utando. Sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo haiuharibu. Kinachouharibu ni kukiloweka usiku kucha, na kuchemshia vitu vichachu kama nyanya au limau kwa muda mrefu. Utaona mchuzi una ladha ya chuma na kikaango kimekuwa na mabaka ya kijivu. Osha, kikaushe juu ya moto mdogo dakika mbili mpaka hakuna unyevu, paka mafuta matone mawili na uyafute.

Jambo moja la kuangalia: weusi wote si utando. Utando ni laini ukiupitisha kidole. Ukisikia chembechembe, hayo ni mabaki ya chakula yaliyoungua, na chakula kipya hupenda kushika hapo hapo. Tia chumvi ya mawe na mafuta kidogo, sugua kwa kitambaa mpaka kidole kiteleze.

Nonstiki: kinyume cha yote

Sasa sahau karibu kila nilichosema kuhusu joto. Tefloni, lile tabaka linalofunika vikaango vya nonstiki, iliyogunduliwa na mkemia Roy Plunkett mwaka 1938 katika maabara ya kampuni ya DuPont, imejengwa kwa kaboni iliyofunikwa na florini, na florini imeshikana na kaboni hiyo kwa nguvu kiasi kwamba protini hazipati pa kushika. Hakuna haja ya mvuke wa kuliinua yai. Unaweza kuweka yai kwenye nonstiki yenye uvuguvugu likaganda polepole na bado likateleza.

Jaribio la gololi hapa ni la uongo. Tefloni inayafukuza maji hata ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo tone litajikusanya kuwa gololi hata kabla hujawasha jiko. Anayelitumia kwenye nonstiki anaweza kuendelea kupasha bila kujua amefika wapi. Na kupasha kupita kiasi ndiko kunakokiua kikaango hiki. Tabaka lake linafaa kwa joto lisilozidi nyuzi 260 hivi. Juu ya hapo linaanza kuharibika, na likipita 350 linatoa mvuke unaoweza kumletea mtu homa na kikohozi na kuua ndege wa kufugwa walio ndani ya nyumba. Kikaango chepesi cha aluminiamu, kitupu, kwenye moto mkali, kinaweza kufika huko ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo mafuta yanatangulia. Tia kijiko cha chai cha mafuta au kipande cha siagi kwenye kikaango kikiwa baridi, ndipo uwashe moto mdogo au wastani. Siagi inafanya kazi yake ya kipimajoto: ikitoa povu weka yai, ikianza kuwa kahawia punguza. Mafuta hapa kazi yake kubwa ni kujaza nafasi kati ya chakula na uso, ili joto lifike sawasawa.

Nonstiki ya mwaka mmoja inayoshika mara nyingi haijachakaa. Imefunikwa. Mafuta yaliyoungua yametengeneza utando ule ule tunaoutaka kwenye chuma cha kusubu, lakini hapa unaficha tefloni, na chakula kinashika juu yake. Yale mafuta ya kupuliza kutoka kwenye kopo ni mabaya zaidi, kwa sababu mengi huongezewa lesithini, ambayo inaungua na kuacha gamu ya njano pembeni. Tazama kikaango kwenye mwanga kwa kukiinamisha: ukiona kivuli cha kahawia, chemsha ndani yake maji yenye sabuni kidogo dakika kumi, yakipoa sugua kwa upande laini wa sponji, bila kutumia nyuzi za chuma. Mara nyingi nusu ya uwezo wake hurudi siku hiyo hiyo. Ukiona tabaka lenyewe limebanduka na chuma kinachungulia, hakuna cha kurudisha.

Na ile stili yangu bado kuna asubuhi inashika, kwa kawaida siku nina haraka na nimeweka yai tone likiwa bado linapiga kelele. Siku hizo sikwangui. Naondoa yai kadiri linavyotoka, namimina maji ya moto robo kikombe kikaango kikiwa bado na joto, nachemsha dakika moja huku nikisukuma kwa mwiko wa mbao. Ute unalowana, unavimba na kubanduka kwa vipande vikubwa, na chuma kinabaki cheupe.